Rezista ya 1K inasoma 715 ikiwa kwenye bodi, na upande mbovu inasoma 998. Nibadilishe ipi?

Kijana wa Tandika

Wakuu, habari za jioni. Nina sabufa ya jirani hapa Tandika. Spika ya kulia inaimba vizuri, ya kushoto kimya kabisa. Nimebadilisha spika, ya kushoto nikaipeleka kulia, ikaimba. Kwa hiyo spika ni nzima, tatizo lipo kwenye bodi.

Nimefuata njia ya sauti kuanzia pale inapoingilia. Kila upande una rezista tatu zinazofanana, moja ya 1K, moja ya 330 na moja ya 2.2K, na kapasita ndogo moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Nimechomoa waya ukutani, nikasubiri, ndipo nikapima.

Kinachonichanganya ni hiki. Upande unaoimba, rezista ya 1K (kahawia, nyeusi, nyekundu, dhahabu) inasoma omu 715. Upande uliokufa, rezista kama hiyo hiyo inasoma 998. Nikaona hii ya upande mzima imechoka na itakufa karibuni, nikaenda Kariakoo kununua mpya. Nikiishika mkononi inasoma 1001. Nimeilehemu kwenye bodi, inasoma 716!

Hii mpya nayo ni feki? Na kwa nini upande wenye rezista nzuri ndio usioimba?

Mama Rehani

Kijana, angalia kwanza umeme wenu. Huku Mbagala jioni taa zinakuwa hafifu na redio yangu inakoroma. Umeme ukiwa mdogo hata vipimo haviwezi kuwa sawa.

Hesabu Tupu

Mkuu, hiyo ni rezista feki tu, usijisumbue. Kanuni inajulikana: rezista zikiungana unajumlisha. R1 + R2 + R3. Hata kama kuna nyingine jirani yake imeingia kwenye kipimo, ungepata ZAIDI ya 1000. Ungepata 1330 au 3530. Namba iliyo chini ya 1000 haina pa kutokea. Rudisha dukani.

Bi Saketi

Kijana, usirudishe kitu dukani kwanza. Nijibu swali moja. Igeuze bodi uangalie njia za shaba upande wa chini. Rezista ya 1K, mguu mmoja uko kwenye njia ya sauti, je, mguu wa pili uko kwenye gandi? Na 2.2K nayo hivyo hivyo? Na 330 imekaa katikati, inaunganisha vichwa vya hizo mbili?

Mama Rehani, shikamoo. Taa kuwa hafifu jioni ni tatizo la kweli, lakini hapa halihusiki. Mita ikiwa kwenye omu inatumia betri yake yenyewe, na sabufa imeshachomolewa ukutani.

Kijana wa Tandika

Ndiyo dada, ni hivyo hivyo ulivyosema. Umejuaje?

Bi Saketi

Mpangilio huo upo kwenye vifaa vingi vya sauti, kazi yake ni kupunguza nguvu ya sauti inayoingia kabla haijafika kwenye IC. Sasa tuitazame namba yako ya 715, maana ni namba sahihi kabisa.

Ukiweka ncha za mita kwenye miguu miwili ya 1K, mkondo kutoka kwenye mita una njia mbili. Ya kwanza ni kupita ndani ya 1K yenyewe. Ya pili ni kuingia 330, kutoka hapo kuingia 2.2K, kushuka gandi na kurudi kwenye ncha ya pili. Kapasita za mwanzo na mwisho zinazuia mkondo wa betri ya mita usiendelee zaidi ya hapo, kwa hiyo njia ni hizo mbili tu.

Ndani ya njia ya pili, Hesabu Tupu yuko sahihi. Mkondo ukishaingia 330 hauna pengine pa kutokea, wote lazima upite 2.2K. Hizo mbili zimefuatana, na unajumlisha: 330 + 2200 = 2530.

Lakini hiyo 2530 haijafuatana na 1K. Imelala sambamba nayo, ncha kwa ncha. Hapo hujumlishi omu. Chukulia mita imeweka volti 1 kati ya ncha zake. Kwenye 1K itapita miliampea 1. Kwenye njia ya 2530 itapita miliampea 0.395. Mita haijui kuna njia ngapi mbele yake, inaona tu kwamba jumla imetoka miliampea 1.395. Volti 1 kwa miliampea 1.395 ni omu 717. Rezista zako hazina thamani kamili ya rangi, dhahabu inaruhusu asilimia 5 juu au chini, ndiyo maana umepata 715 na siyo 717.

Kwa maandishi ni hivi:

```
mfuatano:  R = R1 + R2
sambamba:  1/R = 1/R1 + 1/R2
```

Zikifuatana, mkondo ni mmoja na zinazojumlishwa ni volti. Zikiwa sambamba, volti ni moja na inayojumlishwa ni mikondo. Mkondo unakwenda kinyume na omu, ndiyo hizo 1/R zinapotokea.

Mzee wa Feri

Naongezea kwa wasiopenda namba. Zamani gari la kwenda Kigamboni lilitegemea zaidi kivuko. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 kivuko hakikuondolewa, watu wakapata njia ya pili. Hata wanaotumia daraja wangekuwa wachache, jumla ya magari yanayovuka kwa saa lazima iongezeke. Kuongeza njia pembeni hakuwezi kufanya kuvuka kuwe kugumu kuliko mwanzo. Kwa hiyo omu lazima zishuke.

Mwanafunzi wa Tatu

Samahani nauliza, nimejaribu na kikokotoo. 1/1000 ni 0.001. 1/2530 ni 0.000395. Nimejumlisha nimepata 0.001395. Mbona mnasema 717? Ina maana ukinzani ni karibu na sifuri?

Bi Saketi

Mdogo wangu, umefika vizuri ila umesimama hatua moja kabla. Hiyo 0.001395 ni 1/R, bado siyo R. Igeuze: 1 gawanya kwa 0.001395, utapata 717.

Hapa ndipo wengi wanapopotezea maksi, na kujikamata ni rahisi. Ukipata omu 0.0014 kutoka kwenye rezista mbili za maelfu, jiulize kama inaingia akilini. Sehemu chache za elfu za omu moja ni ukinzani wa kipande cha waya mnene. Jibu la sambamba lazima liwe chini ya rezista ndogo kuliko zote, lakini haliwezi kuporomoka namna hiyo. Zikiwa mbili, haliwezi kushuka chini ya nusu ya ile ndogo. Ndogo yako ni 1000, kwa hiyo tafuta jibu kati ya 500 na 1000.

DJ wa Kinondoni

Nimeona mnaongelea omu, na mimi nina shida ya omu. Nina amplifaya ya shughuli, nyuma imeandikwa isiunganishwe na chini ya omu 4. Nina spika tatu za omu 8. Nimezifunga zote sambamba, chanya kwa chanya. Sauti ya chini inakwenda fresh, nikipandisha inajikata, inapoa, inarudi. Watu wanalalamika katikati ya shughuli. Amplifaya imechoka?

Hesabu Tupu

DJ, hapo sambamba kweli, nakubali. Kanuni ya sambamba ni zidisha gawanya kwa jumla. Tatu za omu 8: 8 × 8 × 8 = 512. Gawanya kwa 24, unapata omu 21.3. Uko juu sana ya omu 4, amplifaya haina sababu ya kujikata kwa ajili ya spika. Itakuwa feni au transista za mwisho.

Bi Saketi

DJ, tafadhali usiiwashe tena na spika tatu mpaka usome hapa.

Hesabu Tupu, kanuni ya kuzidisha na kugawanya kwa jumla ni sahihi kwa rezista MBILI tu. Ukiweka ya tatu inaharibika. Kipimo ni kile kile nilichompa mwanafunzi: jibu lako ni 21.3, na ndogo kuliko zote ni 8. Sambamba haiwezi kuzidi ndogo yake. Tazama hata vipimo vyenyewe: omu mara omu mara omu, ukigawanya kwa omu, unabaki na omu za mraba, na hizo hazipo kwenye spika yoyote.

Ukitaka kuitumia kwa tatu, nenda mbili mbili. 8 na 8 ni 64 gawanya kwa 16, sawa na 4. Halafu 4 na 8 ni 32 gawanya kwa 12, sawa na 2.67. Zikiwa zinalingana zote kuna njia fupi zaidi: 8 gawanya kwa 3, jibu ni 2.67 vile vile.

Omu 2.67 iko chini ya 4. Amplifaya inatoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake na inajilinda kwa kujikata. Haijachoka, inafanya inavyotakiwa.

DJ wa Kinondoni

Daah. Lakini mimi nikipima spika moja kwa mita inasoma 6.2, siyo 8. Nishike ipi?

Bi Saketi

Shika iliyoandikwa, 8. Mita inapima waya wa koili tu, kwa betri. Ile 8 imewekwa kwa ajili ya sauti, ambako koili inapata ukinzani wa ziada kutokana na mwendo wa mawimbi, na yenyewe inapanda na kushuka kulingana na noti inayopigwa. Kwa hiyo 2.67 ni makadirio. Kwenye noti nyingine inaweza kuwa chini zaidi, na hiyo siyo habari njema kwako.

Hesabu Tupu

Basi azifunge kwa mfuatano, 8 + 8 + 8 = 24. Hapo amejumlisha tu na yuko salama.

Bi Saketi

Salama ndiyo, ila atapata nguvu ndogo. Volti za amplifaya ni zile zile, omu zimekuwa 24, basi wati za spika zote tatu kwa pamoja zitakuwa theluthi ya alizokuwa akipata kwa spika moja peke yake. Na waya wa moja ukikatika, zote zinanyamaza.

Mbili sambamba halafu ya tatu kwa mfuatano inatoa 4 + 8 = 12. Hapo tatizo ni mgawanyo. Spika iliyo peke yake inabeba mkondo wote, na zile mbili zinagawana nusu kwa nusu. Wati zinakwenda na mkondo mara mkondo, kwa hiyo ile ya peke yake inapata mara nne ya kila mwenzake. Itawaka wengine wakiwa bado wanapasha.

Mimi ningetumia mbili tu, omu 4 kamili, au ningetafuta ya nne inayofanana nazo. Jozi mbili za mfuatano, kila jozi omu 16, halafu jozi zote mbili sambamba: unarudi 8, na kila spika inapata sawa.

Mzee wa Feri

Mimi spika za mfuatano sizipendi hata kwa jozi. Kila moja inaharibu mdundo wa mwenzake, besi inalegea. Nimesikia kwa masikio yangu.

Bi Saketi

Mzee, hilo lina ukweli wake kwa spika zisizofanana. Zikiwa aina moja kwenye maboksi sawa, mimi sijawahi kuisikia tofauti hiyo. Tusiivamie mada ya kijana.

Kijana wa Tandika, sasa turudi kwako, maana umeshika upande usio wenyewe. Namba ya kutilia shaka ni ile 998.

Upande mzima unasoma 715 kwa sababu njia ya pili ipo. Upande mbovu unasoma 998, yaani 1K yote kamili kama vile iko mkononi. Maana yake njia ya pili HAIPO. Mahali fulani kati ya 330 na 2.2K pamekatika. Kama ni 330, sauti inafika pale na haina pa kupita, na hilo linaendana na kimya ulichonacho.

Kanuni ninayoitumia kazini ni hii: rezista ikiwa bado kwenye bodi, mita inaweza kusoma chini ya rangi zake na isiwe na kosa lolote, kwa sababu kuna njia za sambamba. Ikisoma JUU ya rangi kuliko asilimia zake, hiyo imeharibika au imeachia, maana hakuna njia ya pembeni inayoweza kuongeza omu. Na ikisoma sawasawa na rangi mahali ambapo mwenzake anasoma chini, tafuta njia iliyokatika.

Pima 330 na 2.2K pande zote mbili, ulete namba. Ncha za mita ziguse njia za shaba, siyo miguu ya rezista. Usishike ncha zote mbili kwa vidole. Kwenye omu mia hizi haitakusumbua, ila ukizoea, siku ukipima rezista ya 1M mwili wako utaingia sambamba na kukushushia namba.

Kijana wa Tandika

Dada, nimepima:

Upande unaoimba: 330 inasoma 297, na 2.2K inasoma 827.
Upande mbovu: 2.2K inasoma 2.19K, na 330 inasoma 3.19K!

Hiyo 330 imepanda mpaka elfu tatu? Rezista inaweza kupanda mara kumi?

Mwanafunzi wa Tatu

Ngoja nijaribu! Upande mzima, 330 iko sambamba na 1000 + 2200 = 3200. 330 × 3200 gawanya kwa 3530 ni 299. Imekaribia 297. Na 2.2K iko sambamba na 1330, nimepata 829. Sawa kabisa!

Upande mbovu 3.19K ni karibu na 998 + 2190 = 3188. Kwa hiyo mita haipiti kwenye 330 kabisa, inazunguka kupitia zile nyingine mbili zikiwa zimefuatana?

Bi Saketi

Ndivyo hasa. Kijana, 330 haijapanda. Imeachia, na unachokisoma ni njia ya kuzunguka: 1K kwenda gandi, halafu 2.2K kurudi juu. Kwenye upande mmoja zile mbili ziko kwenye tawi la sambamba, kwenye upande wa pili zimebaki peke yake, na hakuna kilichohama mahali pake.

Bado usiing'oe. Sogeza ncha za mita, uguse miguu ya 330 yenyewe, karibu na mwili wake, bila kugusa shaba.

Hesabu Tupu

Mguu na shaba si vimelehemiwa pamoja? Namba itakuwa ile ile.

Bi Saketi

Ikiwa ile ile, rezista imekatika ndani. Ikisoma karibu na 330, rezista ni nzima na iliyoachia ni lehemu, kwa sababu mguu haugusani tena na njia ya shaba na hakuna tawi la sambamba la kuishushia namba.

Kijana wa Tandika

Kwenye miguu inasoma 329! Kwenye shaba inasoma 3.19K. Nimetazama kwa kioo cha kukuzia, mguu mmoja una duara jembamba jeusi kuuzunguka kwenye lehemu. Kwa macho ya kawaida huioni. Iko karibu kabisa na kitufe cha kupandishia sauti, nadhani imetikiswa sana.

Nimeilehemu upya. Kwenye shaba sasa 330 inasoma 298, 1K inasoma 715 kama ya upande wa pili, na spika ya kushoto INAIMBA. Asante sana dada. Ile 1K niliyoing'oa bado ninayo, nimeipima mkononi, 998.

Kimebaki kitu kimoja. Nikizungusha kitufe cha sauti, kushoto kunakwaruza kidogo.

Mzee wa Feri

Vumbi ndani ya kitufe. Dawa ya kusafishia, zungusha mara kadhaa, limeisha.

Bi Saketi

Inaweza kuwa vumbi. Lakini ingekuwa vumbi tu, ningetegemea likwaruze pande zote mbili, kitufe ni kimoja. Ile kapasita ya kushoto ikiwa inavujisha volti kuingia kwenye kitufe, inatoa mkwaruzo huo huo. Kabla ya kununua dawa, washa sabufa bila muziki, weka mita kwenye volti za moja kwa moja, upime miguu ya kitufe pande zote mbili. Ukiona kushoto kuna volti na kulia hakuna, ni kapasita.

Na usije ukahukumu kwa omu safari hii. Pale kwenye IC kuna dayodi na transista ndani, namba ya omu itabadilika ukigeuza ncha tu, na hesabu zetu za leo hazifiki huko.

DJ wa Kinondoni

Mimi jana nimepiga na spika mbili tu, saa zote mpaka usiku haijajikata. Nimepata ya nne ila ni ya omu 4, siyo 8. Nikiiweka kwenye jozi na ya 8 ni 12, na jozi nyingine 16, sambamba ni 192 gawanya kwa 28, inakuja 6.86. Iko juu ya 4. Naruhusiwa?

Bi Saketi

Hesabu yako ni sahihi, na amplifaya haitalalamika. Spika ndizo zitakuwa na tofauti. Kwenye ile jozi ya 12 mkondo ni mmoja, kwa hiyo ya 8 itapata wati mara mbili ya ile ya 4, na wati zaidi kuliko zile mbili za jozi ya 16. Tuambie kila moja imeandikwa wati ngapi ndipo niseme ndiyo.